Usawa wa Vidonge

Marehemu Usman alikuwa mume mwadilifu kupita kiasi. Akimnunulia Hadia wa Kibera leso, alimnunulia Bakhita wa Kawangware nyingine ya rangi ile ile. Alipokufa, wake zake waliuendeleza usawa huo bila yeye, na walipozeeka, kitu walichobaki nacho cha kulinganisha kilikuwa dawa.

Mmoja akiandikiwa kidonge kipya, alimletea mwenzake pakiti tupu, naye akaenda nayo duka la dawa akaomba kama hiyo. Bakhita alipewa dawa ya neva kwa sababu miguu yake ilikuwa ikiwaka moto usiku. Hadia, ambaye miguu yake haikuwaka hata kidogo, akaanza kuimeza. Hadia alipopewa dawa ya kibofu, Bakhita, aliyeolewa wa pili, aliinunua siku hiyo hiyo, asije akaonekana mke mdogo hata kwa dawa.

Kisha Hadia akaanza kuanguka. Mara ya mwisho alianguka akiwapelekea chai wageni ambao hawakuwepo, na alipoinuliwa, aliuliza ni nani aliyempandisha mbuzi juu ya kabati. Mwanawe, Ramzy, aliamua kwamba mama atahamia kwake Kawangware, na nyumba ya Kibera ipangishwe. Mpangaji alikuwa ameshapatikana.

"Nitatoka humu nikibebwa," Hadia alisema.

"Si ndiyo maana nakuhamisha, mama? Kila wiki unabebwa."

Wakakubaliana kwamba kliniki ya Kianda, pale pale Kibera, ndiyo itakayoamua. Jael, mfamasia wa pale, aliagiza waje na kila dawa iliyomo nyumbani, hata ya dukani. Hadia alifika na beseni lililofunikwa kitambaa. Nyuma yake aliingia Bakhita, ambaye hakuitwa, na beseni lake.

Jael alimwaga beseni la Hadia mezani, akatenga pakiti mbili.

"Mama, hizi zote mbili ni amlodipini, za presha. Kampuni tofauti, dawa ile ile. Unameza dozi mara mbili."

"Hiyo moja ni yangu. Nyingine ni ya Bakhita."

"Ya Bakhita inafanya nini tumboni mwako?"

"Haki," Hadia akajibu.

Jael akampima Hadia presha akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Aliposimama ilishuka sana, naye akashika meza. Jael akamweleza polepole: amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Miguu ilipovimba, mtu wa dukani alimpa dawa ya kukojoza. Kukojoa kulipozidi, akapewa ya kibofu. Hiyo ya kibofu, ile ya neva, na zile za mafua anazomeza apate usingizi, kila moja ina kazi yake, lakini zote zina madhara ya aina moja: hukausha mdomo, hufunga choo, hutia macho ukungu, na kwa mzee huvuruga akili. Akizimeza pamoja, madhara hujumlishana.

"Kwa hivyo mbuzi ni wa dawa?" Ramzy akauliza.

"Naamini hivyo. Tutajua zikipungua."

"Hata mimi namwona," Bakhita akadakia. "Wangu ni wawili."

"Muongo!" Hadia akageuka. "Jana uliniambia huoni kitu, ukalia kwamba nimependelewa!"

Bakhita akalisogeza beseni lake mezani. Jael, bila kucheka, akalifunua nalo pia.

Ilichukua asubuhi nzima. Hadia alibakiziwa amlodipini moja. Za mafua ziliachwa siku hiyo. Ya kukojoza na ya kibofu zingefuata, miguu yake ikikaguliwa. Ile ya neva ingepunguzwa kidogo kidogo, maana haiachwi ghafla. Bakhita aliachiwa yake ya neva, kwa dozi ndogo, kwa kuwa miguu yake ilikuwa ikiwaka kweli. Ya kibofu na amlodipini ya pili zikaondoka.

"Yeye anabaki na ya neva, mimi sibaki nayo?" Hadia akalalamika.

"Mama, Bakhita ana maumivu. Wewe huna."

Hadia aliitazama miguu ya Bakhita. Ilionekana kama habari hiyo, kwamba mwenzake ana maumivu yasiyoweza kugawanywa, hajawahi kuambiwa.

"Basi abaki nayo," alisema.

Mwezi uliofuata walirudi. Jael alimwomba Hadia ainuke kitini bila kushika mikono ya kiti, atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi. Aliinuka. Alitembea kama mtu anayepita mbele ya wakwe, akarudi, akaketi. Presha ikapimwa amesimama: haikushuka. Wageni wasiokuwepo walikuwa wameacha kuja.

Ramzy akatoa simu, akampigia mpangaji.

"Boss, samahani. Ile nyumba haipo tena. Ndiyo, ina mtu. Mama yangu."

Bakhita alikuwa ameshasimama, akivua viatu.

"Na mimi nipimwe kutembea," alisema. "Huo mlango si wake peke yake."