Bango Nyuma ya Mtoto

Msusi wangu mmoja tulimwita Bi Kimya. Alikuja saluni kwangu na mtoto wa kike mgongoni, begi moja la nguo, na vidole vinavyokwenda kasi kuliko mdomo wangu, na wanaonijua wanajua hiyo ni kasi ya kutosha. Hakuuliza mshahara. Aliuliza kama mlango wa nyuma unafungika kwa ndani.

Nilikuja kujua sababu kidogo kidogo, maana kwake neno lilitoka kwa kuvutwa. Alimkimbia mume. Chini ya kilemba, nyuma ya sikio, alikuwa na kovu ambalo nywele zilikataa kuota. Mume aliapa atamtafuta mpaka ampate, na mara moja alimpata kweli, kwa picha tu. Mtu alimpiga picha kwenye sherehe, jina la ukumbi likaonekana nyuma, na kesho yake mwanamume akawa mlangoni. Tangu hapo kamera ikiinuliwa, Bi Kimya huinama kama anatafuta kitana. Mtu pekee wa kwao aliyekuwa na namba yake ni mama yake mzazi, na hata yeye hakuambiwa mji wala mtaa.

Sasa mwisho wa mwaka nilifunga saluni, nikawachukua wasichana wangu kwenda kupumzika kando ya ziwa, kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea. Nilikuwa nimechapisha bango jipya, jina la saluni kwa herufi nyekundu, chini yake mtaa na namba ya simu. Nikalibeba. Ndiyo, nilibeba bango la biashara likizoni, nikalifunga kwenye nguzo mbili kando ya bwawa. Wasichana walinicheka, nami nikawaambia wacheke wakiwa wamekaa mbele yake, wateja waone.

Bi Kimya aligoma kupigwa picha. Lakini mtoto wake, ambaye sasa alishaanza shule, alitoka majini akicheka, akamrukia mama yake shingoni, na mwenzetu mmoja akabofya, baadaye akamtumia. Ikatoka picha nzuri mno. Na juu ya kichwa cha mtoto, lote lilivyo, bango langu.

Tulikuwa tumesharudi kazini mama yake alipotuma ujumbe wa sauti. Anaumwa, anasema, macho yanazidi kufifia, na anataka kumwona mjukuu kabla hayajazimika kabisa. Bi Kimya alinifuata nilipokuwa nachanganya rangi.

“Dada, wewe huwa unafuta chunusi za wateja kwenye picha. Bango linafutika?”

“Mpige nyingine pale ukutani, yaishe.”

“Ukutani hacheki,” akasema. “Mama hajawahi kumwona akicheka.”

Nikaacha rangi. Mchana ule hapakuwa na mteja, na mimi mtu akinijibu hivyo nanywea. Nilitaka kuikata picha kwa juu, lakini bango lilimkaa mtoto kichwani. Ukikata bango unakata na paji la uso. Basi ni kufuta.

Nikamwambia afanye mwenyewe, simu ni yake. Fungua picha. Gusa alama ya kuhariri. Chagua kifutio. Juu ya kitu unachotaka kiondoke, pitisha kidole, kisha inua, subiri. Simu inatazama yaliyo pembeni, inakisia nyuma ya kitu kile pangekuwa na nini, halafu inajaza.

Akapaka bango zima kwa mkupuo. Kiduara kikazunguka. Bango likaondoka, na sikio la mtoto likaondoka nalo. Bi Kimya akaiweka simu mezani kama imemchoma.

“Nimemharibu,” akasema.

“Hujamharibu. Gusa huo mshale unaorudi nyuma.”

Sikio likarudi, na bango likarudi. Nikamwonyesha kuikuza picha kwa vidole viwili, mpaka kipande kidogo kijae kioo. Kule mbali na kichwa futa kwa brashi nene. Ukikaribia nywele punguza brashi, futa vipande vidogo, usiguse ngozi. Kikikosewa kipande, rudisha hicho tu, upake tena. Aliifanya kazi hiyo kama anavyosuka, mstari kwa mstari, hapumui. Mtaa ukaisha, namba ikaisha, mahali pake pakaota majani na kipande cha ukuta. Nguzo nazo tukaziondoa, maana nguzo mbili zisizoshika kitu zinaulizisha.

Nikasema tayari. Yeye akaikuza picha chini kabisa, kwenye maji ya bwawa, akanielekezea kwa kucha. Herufi zangu nyekundu zilikuwa mle majini, kichwa chini miguu juu, na zinasomeka. Mimi mwenye macho mazima sikuziona. Woga ulikuwa umempa macho mengine. Akazifuta nazo, akabofya kuhifadhi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka kwa sauti. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilijiona fundi.

Akaenda kwenye ujumbe wa mama yake, akachagua picha, akatuma.

Kuna jambo sikulisema kwa sababu kwangu ni la kila siku. Simu ile haikubadilisha picha ya zamani. Ilihifadhi nakala, zikakaa mbili jirani, ndogo kama stempu, mtoto yuleyule, kicheko kilekile. Aliifungua aliyotuma ili amwangalie mwanawe tena, na uso wake ukaisha damu. Nikachungulia. Bango langu lilikuwa pale, jekundu, lote.

“Ifute,” nikasema. “Ishikilie, halafu chagua kufuta kwa wote. Haraka.”

Vidole vile vya kasi vilikosa alama, vikakosa tena. Tiki mbili zikageuka bluu mbele ya macho yetu. Ndipo picha ikatoweka, yakabaki maandishi madogo ya kusema ujumbe umefutwa.

“Ameiona,” akasema.

“Mama yako haoni hata sindano,” nikasema. “Atayaonea wapi maandishi?” Nilisema kwa sauti kubwa ili na mimi niamini. Akatuma ile safi, safari hii tukiikagua wote wawili kabla hajabofya. Tukakaa. Rangi ilikuwa imeshakauka bakulini.

Ujumbe wa sauti ukaingia. Sauti ya mama ilikuwa na furaha kiasi kwamba nikaanza kupumua.

“Mwanangu, Mungu akubariki. Nimemwona mjukuu wangu, ameota meno. Simu anayenishikia ni mwenzio, baba mtoto. Amebadilika siku hizi, usimhukumu. Ananiletea dawa, leo ameshinda hapa na mimi. Ile picha ya kwanza aliniwahi kuifungua, akanisomea mpaka maandishi ya nyuma, taratibu, neno kwa neno. Akaomba kalamu. Ameondoka sasa hivi, anasema kumbe si mbali, atafika kukusalimia.”

Bi Kimya hakulia. Alivua aproni, akaikunja, akaniuliza kama geti la nyuma la shule ya mtoto liko wazi saa hizi. Nikamwambia liko wazi. Nilikwenda kufunga mlango wa mbele, na pale nje, juu ya kichwa changu, bango lile la likizoni lilikuwa limening’inia linapepea. Nikapanda kiti kulishusha, huku namsikia ndani akifunga zipu ya begi.