Maandishi ya Juu, Maandishi ya Chini

Sarmila Gyawali alikuwa mwandishi wa dawati la makosa ya mtandaoni katika kituo cha polisi cha Butwal, na kazi hiyo ilikuwa imemtia kinyaa mpaka chai ya asubuhi ilikuwa haipiti kooni. Kutwa anachapa uchafu wa watu. Mtu anachukua picha ya mwenzake, anabandika maneno juu na maneno chini, anairusha, kisha analala usingizi mnono. Sarmila ndiye anayebaki kuyanakili neno kwa neno, maana mwendesha mashtaka hutumiwa karatasi, na picha ikichapwa kwa wino mweusi haisomeki.

Siku ile aliingia Mama Dilsari, mtu wa kabila la Wamagari wa milimani, akiwa na mkwewe. Mwanawe alikuwa amekufa kazini Katari na kurudishwa ndani ya jeneza. Mama hakujua kusoma. Alichojua ni kwamba uso wake ulikuwa unazunguka kwenye simu za watu, na kwamba sokoni wanamwangalia wanacheka. Mkwewe alikuwa amekataa kata kata kumwambia kilichoandikwa.

Afande Lokraj alikuwa ameshaipitisha picha kwenye mtambo wa kompyuta unaosoma maandishi. Mtambo ulisoma maneno ya chini tu, yale manono ya njano. Ya juu yalikuwa meupe juu ya ukuta mweupe, ukayaruka. Akaitia picha giza kidogo, ya juu nayo yakatokea, akayabandika chini ya yale aliyokwisha kuyapata. Karatasi yake ikasomeka hivi: "Siku hela zilipofika, alicheka. Siku jeneza lilipofika, alizimia."

"Sasa hapa kosa liko wapi?" alimwuliza Sarmila. "Mwana alikuwa akituma hela, mama anafurahi. Mwana akafa, mama akaanguka. Hizi ni rambirambi. Waambie waende nyumbani."

Sarmila aliifungua picha yenyewe. Mama yuko katikati, ameshikishwa hundi kubwa ya karatasi ngumu, ya fidia ya kifo cha mwanawe, meno nje. Juu ya kichwa chake: siku jeneza lilipofika, alizimia. Chini ya mikono yake: siku hela zilipofika, alicheka. Aliyetunga alijua anachofanya. Jicho huanza juu, linamhurumia mama, halafu linashuka kwenye meno yake, halafu linakutana na lile tusi la njano.

"Afande, umeigeuza kichwa chini," alisema. "Anayetazama anaanza juu. Ukiandika hivi, anayemtukana anageuka kuwa anayemlilia."

Lokraj akasema maneno ni yale yale, hakuna hata moja lililopungua. Kisha akashusha sauti. Taarifa lazima isomewe mlalamikaji kabla hajatia dole gumba. Je, yeye Sarmila angeweza kumsomea mama wa marehemu jambo kama lile, machoni pake? Karatasi aliyoiandika yeye Lokraj ilikuwa na faida ya kumwacha mama alale.

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alimtazama vizuri akaona huruma yake inafanana mno na uvivu. Faili likifungwa, picha inaendelea kuzunguka. Mama atalala yeye peke yake, mji mzima uko macho unamcheka. Akafuta, akachapa upya: maandishi ya juu, kisha maandishi ya chini. Kwenye mstari wa pembeni akaandika kwamba nyuma ya mama kuna bango la kampuni ya bima, nalo ni sehemu ya picha, halikuongezwa na mtunzi.

Akaenda kukaa mbele ya mama. Mkwe akageukia dirishani. Sarmila akasoma pole pole, ya juu kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, alizimia kweli, walimwagia maji. Sarmila alitamani karatasi iishie hapo. Akasoma ya chini.

Mama hakulia. Aliomba isomwe tena, na Sarmila akasoma tena, hivyo hivyo, huku akijichukia na kumchukia zaidi yule mtunzi asiyejulikana.

"Kwa hiyo wamesema nimemuuza," mama alisema.

"Ndivyo wanavyotaka watu waseme, mama."

Mama akanyoosha dole gumba kwenye kidau cha wino, kisha akalisimamisha hewani. "Siku ile ya hundi sikutaka hata kupigwa picha. Nilikuwa nalia. Yule kijana wa kampuni akaniambia, 'Mama, cheka kidogo, picha isiharibike.' Nikamwonea haya, nikacheka." Akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma. "Hilo liko juu au liko chini?"

"Halipo, mama," Sarmila akasema.