Barua Iliyolala Kwenye Jalada la Mwenzake

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Jalada alifungua barua za watu wengine, na katika muda wote huo hakupata kuamini kwamba barua inaweza kumshinda. Masjala yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na majalada binafsi, PF, ya watumishi wote wa afya. Humo ndani kila mtumishi, awe daktari au mfagiaji, alikuwa namba kwanza na mtu baadaye. Ukimwambia jina alikuwa anauliza, "PF namba ngapi?" Ukimwambia namba, alikuwa ameshanyanyuka kitini.

Kanuni yake ilikuwa fupi: namba haidanganyi. Mikono yake ilifanya kazi bila kuulizwa. Ilichana bahasha, ikagonga muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe, ikatafuta mstari wa Kumb. Na., ikavuta jalada, ikatoboa karatasi na kuandika namba ya folio, yaani ya ukurasa, kwenye pembe. Barua ilikuwa imepata kwao. Alisifiwa kwa kasi hiyo, na sifa, tusidanganyane, alizipenda. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na Afisa Utumishi alikwishamnong'oneza kwamba jina lake limependekezwa kupewa cheti cha utumishi usio na doa. Mahali pa kukitundika pale sebuleni alikwishapapima.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuudhi siku hizo, nacho ni barua za kuandikiwa na simu. Alizijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Anwani ya mwandishi, ambayo hukaa juu kulia, zilikuwa zinairundika kushoto pamoja na ya mwandikiwa, hujui nani anamwandikia nani. Penye YAH zilikuwa zinaandika "Mada". Mkuu wa ofisi alikuwa anaitwa "Mpendwa", tena anajuliwa hali kabla ya kuambiwa shida. Mwishoni, badala ya "Wako mtiifu", utakuta mtu anajitia "Wako wa dhati". Moja iliwahi kufika ikiwa na maneno "[weka saini yako hapa]", na mwenyewe ametia saini chini yake kwa utulivu kabisa.

Tarehe nne ya mwezi ule ilifika ya namna hiyo. Mama Jalada alisoma mstari wa salamu, akacheka hadi akavua miwani, akamwita mpokezi wa mlango wa mbele aje asikie.

"Sikiliza vituko. 'Mpendwa Mkurugenzi, natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na furaha tele.'"

"Furaha tele!" mpokezi akashika mbavu. "Huyo anaomba uhamisho au anaomba posa?"

"Kasome mwenyewe huko chini. 'Wako wa dhati.' Mkurugenzi ana mke, jamani."

Walicheka vizuri, ninyi mngekuwepo mngecheka pia. Na katika kucheka huko mikono iliendelea na kazi yake. Ikagonga muhuri. Ikaona "Rejea barua yako yenye Kumb. Na. PF.2214/31". Ikavuta jalada namba 2214, ikatoboa, ikaandika folio 36, ikarudisha rafuni.

Tarehe kumi na sita, Jumatatu, muuguzi wa wodi ya wazazi alisimama dirishani pa masjala. Alikuwa bado na sare, na macho ya mtu aliyetoka zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. PF namba ngapi?"

"3106. Niliomba uhamisho, barua niliileta kabla ya tarehe kumi, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Leo orodha ya wanaokwenda kwenye kamati imebandikwa, mimi simo."

Jalada namba 3106 lilivutwa, likafunguliwa, likapekuliwa folio hadi folio. Barua ya uhamisho haikuwamo. Mama Jalada alimtazama kwa huruma ile ya watu wa ofisi, ambayo haimsaidii mtu.

"Kwangu haikufika. Ingefika ingekuwamo humu."

"Ilifika, mama. Niliileta mwenyewe." Muuguzi alizungumza polepole, kama anayempa mgonjwa habari. "Mama yangu amepigwa na kiharusi. Yuko peke yake kule kwetu ninakoomba kwenda, analishwa na jirani, na jirani naye anahama mwisho wa mwezi. Kamati inakaa keshokutwa. Ikinipita, nyingine ni mwakani. Sijui kama mama ana mwakani."

Mpokezi, aliyekuwa ameegemea mlango, aliacha kuegemea. Mama Jalada akauliza kama anayo nakala. Muuguzi akatoa simu, akaifungua, akaipitisha dirishani.

*Mpendwa Mkurugenzi, natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na furaha tele.*

Mama Jalada aliitambua. Alitelemka kwa kidole hadi kwenye ile namba, akauliza, huku jibu analijua, "Hii 2214 umeitoa wapi?"

"Hiyo si yangu. Sikuijua maana yake, nikadhani ni utaratibu. Mwenzangu wa wodini alihamishwa mwaka jana. Nilichukua barua yake nikaipa simu, nikaiambia niandikie kama hii."

Na simu ilitii. Ilibadilisha jina, ikabadilisha wodi, ikabadilisha sababu, ikapamba salamu kwa hiari yake. Namba ikaiacha palepale, kwa sababu kwake namba ilikuwa pambo kama mapambo mengine. Haikujua kwamba mtu anayeomba kwa mara ya kwanza hajibu barua ya mtu yeyote, hivyo hana cha kurejea. Ule mstari haukupaswa kuwapo kabisa. Simu haikujua hilo. Mama Jalada alilijua tangu ujana wake, na barua ilipita mikononi mwake.

Jalada namba 2214 lilikuwa rafu ya chini kabisa, kwa waliokwisha kuhama. Folio 36 ilikuwamo, na pembeni yake muhuri: Imepokelewa, tarehe nne. Mwandiko wa folio ulikuwa wake, mzuri kama kawaida. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni.

Wakaingia wote watatu kwa Afisa Utumishi. Huyu alikuwa mtu mkavu, asiye mbaya. Aliisoma barua mara mbili.

"Kwanza haina 'Kupitia kwa'. Mtumishi hamwandikii Mkurugenzi akimruka mkuu wake wa kazi. Matroni ameiona?"

"Hapana," akasema muuguzi.

"Ilipaswa urudishiwe siku ileile ukarekebishe. Pili, orodha imefungwa. Nikimwingiza aliyechelewa, kesho nitakuwa na foleni hadi barabarani."

"Hakuchelewa," akasema Mama Jalada.

"Muhuri nauona. Lakini kamati itauliza barua ya tarehe nne ilikuwa wapi siku kumi na mbili. Nitahitaji maelezo ya maandishi, yaambatishwe." Akamtazama, kisha akatazama meza yake. "Unaelewa maelezo hayo yatakaa wapi baadaye."

Alielewa. Yangekaa kwenye jalada lake mwenyewe, na cheti cha utumishi usio na doa hakitolewi kwa mwenye doa.

Muuguzi alikwenda mbio kwa matroni kutafuta maneno ya idhini na saini. Mama Jalada alirudi masjala, na mpokezi akamfuata, akavuta kiti.

"Usijimalize, mama. Wewe sema barua ilikuja na namba ya uongo. Si kweli? Ngoja." Akachezea simu yake kidogo, akamsomea. "'Mpendwa Afisa Utumishi, natumaini ujumbe huu unakukuta salama. Ningependa kuchukua fursa hii kueleza kwa unyenyekevu kwamba, kutokana na changamoto za kimfumo zilizo nje ya uwezo wangu...'"

"Zilizo wapi?"

"Nje ya uwezo wako."

"Zilikuwa mkononi mwangu, nikawa nacheka."

Mpokezi aliishusha simu. Ndiye aliyecheka naye siku ile. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nilicheka," akaizima simu.

Kishawishi kilikuwapo, nisimpambe. Ukweli nusu ulikuwa umeshaandikwa, umebaki kutiwa saini. Alifikiria ukuta wa sebule. Alifikiria wanawe, ambao amewachosha miaka yote kwa habari za umakini wake. Nyani haoni kundule, na yeye lake ameonyeshwa hadharani, mbele ya mpokezi. Akavuta karatasi na kalamu ya wino. Anwani akaiweka juu kulia na tarehe chini yake, cheo cha mwandikiwa kushoto, kisha "Ndugu," na mkato wake. Kumb. Na. ilikuwa PF.1078, namba yake mwenyewe. Hakuwa amepata kuiandika juu ya barua yenye shari.

*YAH: BARUA YA MUUGUZI PF.3106 KUWEKWA KWENYE JALADA LISILO LAKE*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Barua tajwa ilifika masjala tarehe nne ya mwezi huu. Ilikuwa na namba ya jalada la mtumishi mwingine. Jina la mwandishi lilikuwa wazi mwishoni, lakini sikulisoma. Niliisoma kwa kuicheka, nikaihifadhi kwa kufuata namba. Kosa la kutofika mezani kwako ni langu.*

*Naomba ihesabiwe kuwa imefika kwa wakati.*

*Naomba kuwasilisha.*

*Wako mtiifu,*

Hapo kalamu ilisimama. Maneno hayo mawili aliyaona maelfu ya mara, akayakagua kama mtu anavyokagua vifungo vya shati. Leo aliyasoma. Kisha akatia saini, akaandika jina, na chini ya jina cheo: Mtunza Kumbukumbu.

Jumatano kamati ilikaa. Ijumaa barua ya uhamisho wa muuguzi ilipita masjala ikiwa na namba sahihi, na Mama Jalada aliisoma neno kwa neno, kuanzia anwani hadi Nakala, ndipo akaihifadhi. Wiki iliyofuata ilikuja nyingine, ya onyo, nakala kwa jalada PF.1078. Alivuta jalada lake, akaitoboa, akaandika folio 47 kwa mwandiko uleule, akalirudisha rafuni. Iliuma. Hakumwambia mtu kwamba imeuma, lakini mpokezi alimletea chai siku hiyo bila kuombwa, na sukari aliweka mwenyewe.

Siku saba kabla ya kustaafu ilifika bahasha ya kuandikwa kwa mkono. Mikono ikaichana, ikainua muhuri, ikatafuta namba. Hapakuwa na namba. Hapakuwa na YAH, wala cheo, wala Kupitia kwa.

*Mama mpendwa,*

*Natumaini barua hii inakukuta mzima. Hii sikuandikiwa na simu. Mimi na mama hatujambo. Jana ameshika kikombe mwenyewe, chai ikamwagika nusu, tukacheka wote wawili. Ameuliza nani aliyenileta, nikamtajia wewe. Anakusalimu sana.*

*Mwanao akupendaye.*

Alikaa nayo muda. Aliikagua kwa mazoea, akitafuta kosa, asione hata moja, kwa sababu katika barua ya namna hii maneno yale yote yalikuwa mahali pake. Muhuri akaurudisha kwenye kidau cha wino bila kuugonga. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwa amepata kutoka masjala na karatasi iliyoingia kwa njia ya posta. Siku hiyo aliikunja mara mbili, akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani.