Beringi za Feni

Klementina alipokabidhiwa stoo ya jineri yetu ya kuchambua pamba hapa Bariadi, alikuta vurugu ambayo mzee Joakim, mtunza stoo aliyestaafu, aliiita mpangilio. Joakim alivijua vipuri kama mfugaji anavyojua mifugo yake. Kila mashine ilikuwa na pembe yake. Ukitaka beringi ya feni kubwa unasema "ya feni", naye anaichomoa kwenye ndoo ya feni bila hata kutazama. Yeye akiugua, kiwanda kizima kinaugua.

Klementina hakutaka mambo ya kubahatisha. Wiki zile za kabla ya msimu alimwaga ndoo zote sakafuni, akatenga beringi upande wake, mikanda upande wake, sili na bolti kwingine. Kila aina akaipa namba, akahesabu, akaandika kwenye kadi idadi iliyopo na mahali ilipo: rafu gani, sanduku gani. Sisi wa mzani tulimtania kwamba hata panya wa stoo wamepewa namba. Alicheka, lakini hakusimamisha kazi. Siku ya ukaguzi meneja alimsifu mbele yetu, na mimi nilimpigia makofi kwa moyo mweupe.

Msimu ukafunguliwa. Fundi Marcelo, aliyefunga mashine zile tangu ujana wake, akaja kuomba beringi za feni. Klementina akasoma kadi, akaenda rafu B, akampa. Marcelo akazifunga kama siku zote.

Kabla wiki haijaisha feni ilinuka moto na kusimama. Pamba ikajaa uani, wakulima waliotoka kijiji cha Zagayu wakalala juu ya mafurushi yao wakitukana. Meneja akaitazama beringi iliyokwama, nyeusi kwa joto, akasema fundi amefunga vibaya. Marcelo akasimamishwa kazi.

Jioni ile Klementina alirudi kwenye sanduku la beringi. Beringi zote zilikuwa na namba 6310, ila nyingine zilifuatiwa na C3. Wakati wa kupanga alidhani hiyo ni alama ya kiwandani tu, akazichanganya zote kwenye kadi moja. Sasa akafungua kitabu cha mtengenezaji, akasoma taratibu. C3 zimeachiwa nafasi zaidi ndani, ili chuma kikipata joto na kutanuka, gololi ziendelee kuzunguka. Feni ilihitaji hizo. Yeye alitoa zile za kawaida.

Alizitenga palepale. Kadi mbili, masanduku mawili, idadi mpya, zile za C3 akaandika pembeni "za feni". Stoo ikawa sahihi kabisa, na yeye hakumwambia mtu. Alikuwa anasomesha wadogo zake, akaogopa. Kila alipopita rafu B aliinamisha kichwa kama mtu aliyeiba.

Asubuhi moja Marcelo alikuja kurudisha vifaa. Alisimama mlangoni na sanduku la spana na pula yake ya kuvulia beringi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima.

"Mwangaluka, baba."

"Vipokee hivi. Uviandikie namba, kama ulivyoandikia vingine." Akautazama mkono wake wa kulia. "Mkono umezeeka. Nimekuwa najiuliza nilikosea wapi. Nadhani niligonga vibaya. Sikumbuki, lakini nadhani niligonga vibaya."

Klementina alikuwa ameshashika kalamu. Kadi ilikuwa tupu mbele yake, ikisubiri jina la kifaa na mahali pake. Akaiweka kalamu chini.

"Hukugonga vibaya, baba. Nilikupa beringi isiyo ya feni. Nilizichanganya mimi, na nimejua tangu siku ile ile feni iliposimama."

Marcelo alikunja vidole, akavikunjua.

"Tangu siku ile ile," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mkono wangu ni mzima."

Waliingia pamoja ofisini kwa meneja, Klementina mbele na masanduku yote mawili mikononi. Mficha uchi hazai, ila yeye alichelewa kuufunua, na alilijua hilo. Alipewa barua ya onyo. Marcelo alirudishwa kazini keshoye.

Watu wa kiwanda walisahau upesi, pamba ilikuwa nyingi. Marcelo bado humwita Klementina mayu, bado huwaulizia wadogo zake. Lakini kila anapopewa beringi haiweki mfukoni kama zamani. Huenda nayo mlangoni penye mwanga, akavaa miwani, akaisoma namba yote mpaka herufi ya mwisho. Klementina husimama nyuma ya kaunta na kusubiri. Hajawahi kumwambia afanye haraka.