Fahali na Mke wa Mwenyekiti

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari nje ya mji wa Nyeri, miaka ile ya sabini. Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu mkuu aliniletea hotuba yake niikague. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa pwani, na mkuu hakutaka kuchekwa.

Nilisoma hadi mahali alipomshukuru mwenyekiti wa wazazi, aliyetoa fahali, na mkewe, aliyeleta viazi. Alikuwa ameandika: "Mwenyekiti hakuchinja fahali tu, bali pia mke wake."

"Mwalimu, hapa mama amechinjwa," nikamwambia.

"Amechinjwa na nani?"

"Na mumewe. 'Fahali tu' imemtaja aliyechinjwa, kwa hivyo 'bali pia' nayo itamtaja aliyechinjwa. Wewe ulitaka kutaja waliosaidia. Andika: si mwenyekiti tu aliyetusaidia, bali pia mke wake. Mtu na mtu."

Alitazama karatasi akatikisa kichwa. "Wewe uko na maneno mingi. Watu wataelewa tu." Akakunja hotuba akaenda.

Siku yenyewe mwenyekiti na mkewe walikaa mstari wa mbele. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Mkuu alisoma vizuri mpaka akafika pale. "Mwenyekiti hakuchinja fahali tu, bali pia mke wake."

Mgeni rasmi aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Wanafunzi wa kidato cha nne, ambao nilikuwa nimewafundisha jambo hilo hilo, wakabana midomo.

"Ati nini?" mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi niko hapa."

Mkuu alitoa jasho. "Samahani, mama. Nimegeuza maneno. Nilitaka kusema, mwenyekiti hakuchinja mke wake tu, bali pia fahali."

Hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alitazama chini kama mtu anayesomewa mashtaka. Mkuu akanitafuta kwa macho. Nikasimama pale nilipokuwa, nikasema, "Si mwenyekiti tu aliyetusaidia, bali pia mke wake."

"Sasa hiyo ni sawa," mama akasema. "Na viazi zitajwe."

Vikatajwa.

Tangu wakati huo mkuu hakubandika tangazo bila kupita kwangu. Asubuhi moja, wakati wa chai, aliniwekea mezani karatasi: "Ni marufuku kuvuta sigara ama bwenini ama kunywa pombe."

"'Ama' ya kwanza imeshika mahali," nikamwambia, "ya pili imeshika kitendo."

Akafikiri, kikombe mkononi. "Basi tuipeleke mbele. Ama kuvuta sigara, ama kunywa pombe."

"Na bweni?"

"Bweni tutoe," akasema. "La sivyo watavutia jikoni."