Gauni la Dervla kwa Concepta

Binti yangu Dervla huuza mikate asubuhi pale karibu na stesheni ya mji wetu wa Limerick, Ireland, na mchana huandika. Ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake hana mwajiri. Anabuni wazo la makala, anamwandikia mhariri barua pepe, kisha anasubiri. Kusubiri kwake kunanitoa roho mimi.

Wazo lake moja lilimhusu Concepta Hanley, rafiki yangu wa tangu usichana, ambaye Dervla humwita Shangazi. Concepta ana duka la kurekebisha nguo. Nyuma ya duka yananing'inia magauni ya harusi ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Dervla alimwandikia Fergal Prunty, mhariri wa jarida moja la Dublin, akanisomea barua yote mezani. Juu kichwa cha habari: "Magauni Yaliyoachwa". Kisha wazo lenyewe, atakayezungumza naye, urefu wa makala, na mwisho wasifu wake: "Dervla Meaney ni mwandishi wa Limerick anayependa vitu vya kale."

"Vitu vya kale vipi?" nikamuuliza. "Kila mtu anavipenda."

"Mama, wasifu ni sentensi moja au mbili tu. Si kitubio kanisani."

Prunty alikaa kimya. Wiki mbili zikapita, Dervla akamkumbusha kwa adabu. Jibu likaja mstari mmoja: asante, lakini tayari tuna kitu cha aina hiyo. Dervla akasema ndivyo kazi ilivyo. Lakini nilimwona anasugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Siku chache baadaye Concepta aliingia jikoni kwangu bila kubisha, koti bado mwilini.

"Yuko wapi huyo mwandishi wako?"

"Kuna nini tena?"

"Kuna mwanamume amenipigia simu kutoka kwenye jarida. Anataka kuja kupiga picha magauni yangu. Eti mhariri wake, Prunty, ndiye aliyempa jina langu na mtaa wa duka!"

Damu ilinipanda. Dervla alikuwa mlangoni, uso umemwiva.

"Wezi!" nikasema. "Wamechukua barua yako wakampa mtu wao. Mpigie huyo Prunty sasa hivi. Au nimpigie mimi."

"Umwambie nini? Wazo halina hakimiliki, Mama. Atasema walikuwa nalo kitambo."

"Na jina la Concepta walikuwa nalo kitambo?"

"Ngoja kwanza," Concepta akasema, na sasa alikuwa anamtazama Dervla, si mimi. "Wewe nani alikuruhusu uandike jina langu kwa watu nisiowajua? Wale wasichana wenye magauni niliwaahidi siri. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza, Shangazi. Nilidhani jina litampa mhariri imani. Nisamehe."

"Jina langu ukalimwaga, lako ukalificha. Mbona hukuwaambia kwamba moja la magauni yale ni lako?"

Tangu Dervla alipovunja uchumba na yule kijana wa Ennis, gauni lile lilikuwa halijatajwa kwetu. Nilimkasirikia Concepta hata kuliko Prunty.

"Usimguse kidonda hicho!" nikamwambia.

"Nani atamgusa? Yule mwanamume nimeshamkatia simu. Lakini akija mwandishi mwingine, atauliza mimi nashona vipi. Hatajua kwa nini msichana anapita upande wa pili wa barabara ili asilione dirisha langu. Huyu binti yako anajua."

Dervla aliketi. Chai ikapoa mbele yake. Kisha akavuta kompyuta, akaanza upya, akimwandikia mhariri wa jarida lingine, mwanamke wa Cork. Safari hii aliandika "mshonaji mmoja" tu, aliyekubali kuzungumza na yeye tu, na Concepta akatikisa kichwa kukubali. Kichwa cha habari kikawa: "Kwa Nini Sijalichukua Gauni Langu". Wasifu ukawa: "Dervla Meaney ni mwandishi wa Limerick. Gauni lake la harusi bado liko kwa mshonaji."

"Mtaa mzima utasoma," nikasema.

"Najua, Mama."

"Na mama yake yule kijana."

"Najua."

Akaituma barua.

Yule mwanamke wa Cork alijibu kabla wiki haijaisha kwamba anaitaka makala: maneno elfu moja na mia tano, na picha ya mwandishi akiwa na gauni. Dervla alisoma mara ya kwanza akicheka, mara ya pili akaacha kucheka.

"Siwezi kuingia mle dukani kulichukua," akasema.

Nikavaa koti. Nilikuwa bado na hasira na Prunty, na Concepta, na yule kijana wa Ennis, na hata na huyo wa Cork aliyetaka picha. Nilikwenda nayo hasira yangu hadi dukani, nikamwambia Concepta alishushe gauni, nikalibeba mikononi bila mfuko kumpelekea Dervla, katikati ya barabara, watu wakiangalia.