Kufuli Jipya kwenye Geti la Tanuri

Shangazi yangu alikuwa na hasira za moto wa makaratasi. Zinawaka ghafla, zinazima ghafla, na majivu anaachiwa mtu mwingine ayafagie. Kwa kuwa mimi ndiye wakili pekee katika ukoo wetu, ufagio ulikuwa wangu.

Watu walimwita Mama Mikate. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, mikono imejaa alama za kuungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na alikuwa na tabia ya kumpima mtu kwa namna anavyoumega mkate. Mchumba wangu wa kwanza aliukata kwa kisu akaacha ukoko kwenye sahani. Shangazi alininong'oneza jikoni, "Huyu hapana." Nilimkasirikia mwezi mzima, kisha ikawa kama alivyosema.

Duka la mikate aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na tanuri la matofali lililojengwa na rafiki wa mumewe, Fundi. Alikuwa na jina, lakini kwa kazi ile mjini kwetu ukisema "Fundi" hakuna aliyeuliza fundi yupi. Tanuri lile lilioka mikate miaka mingi mpaka kuba lake likapasuka. Wakati huohuo shule moja ya bweni ilimwahidi shangazi kazi ya kuwapelekea mikate kila asubuhi, kuanzia muhula unaofuata. Alihitaji tanuri jipya, kubwa zaidi, na hakufikiria kumwita mwingine.

Mkataba waliuandika wenyewe kwenye meza ya kukandia unga, wakitumia sampuli waliyoazima kwa mwenye duka la jirani. Sikuitwa. "Wewe ungetuandikia kitabu," aliniambia baadaye. Ndani yake kulikuwa na tarehe ya kumaliza kazi, rangi ya mlango wa chuma, urefu wa bomba la moshi. Na kulikuwa na kifungu kimoja ambacho Fundi mwenyewe ndiye aliyeshikilia kiandikwe, kwa majivuno yake yote.

"Andika hapo, shemeji. Kuba nitalijenga kwa mikono yangu mimi. Asiliguse mtu mwingine. Nikivunja hilo, una haki ya kunifukuza siku hiyohiyo, hata kama kila kitu kingine kiko sawa."

"Nani mwingine angelijenga?" shangazi alimuuliza huku akicheka.

"Wewe andika."

Akaandika.

Kazi ilianza vizuri, halafu ikaanza kuchechemea. Fundi alikuja kwa kuchelewa, akaondoka mapema, na akataka uwanja wa nyuma ufungwe kwa turubai ili udongo usikaushwe na jua. Mkewe alikuja naye kila siku. Shangazi alidhani anamletea chakula. Mlango wa chuma ulifika ukiwa wa kijivu badala ya mweusi. Tarehe ya mwisho ikapita na kuba limefika nusu. Muhula ulikuwa haujafunguliwa bado, lakini shangazi alishaanza kuota mabweni mazima ya watoto wenye njaa.

Asubuhi moja alikuta uwanja mtupu, hakuna fundi, hakuna mke, ndoo zimepinduliwa. Hakusubiri. Alinunua kufuli jipya, akalifunga geti la nyuma, akaandika barua: umechelewa, mlango si wa rangi tuliyokubaliana, mkataba umekwisha, usirudi. Kesho yake Fundi alikuja na mfuko wake wa zana. Alisimama mbele ya lile kufuli kwa muda, kisha mkewe akamshika mkono wakaondoka. Shangazi aliwaona dirishani. Aliniambia kuwa hapo ndipo hasira zilipozima, lakini aliona aibu kutoka nje.

Barua ya wakili wa Fundi ilikuja wiki ile ile. Ilisema kwamba kwa kumfungia geti, Mama Mikate ndiye aliyeukataa mkataba bila haki, kwamba Fundi ameukubali ukataaji huo na anauhesabu mkataba umekwisha kwa kosa la shangazi, na kwamba anadai fidia.

Shangazi alikuja nayo ofisini kwangu. "Amechelewa yeye, ninadaiwa mimi?"

Nilimweleza kwa lugha ya unga, maana lugha nyingine hakuitaka. "Shangazi, ahadi za kwenye mkataba hazilingani uzito. Kuna zile ambazo ndizo chachu. Chachu ikikosekana, hata kama umekosea kidogo tu, mwenzako ana haki ya kuukataa mkate wote. Hilo ni sharti la msingi. Kuna zile za pembeni, kama karatasi ya kufungia. Karatasi ikiwa ya rangi nyingine utalipwa hasara yako, kama ipo, lakini mkate utauchukua. Ule mlango wa kijivu ni huo."

"Na kuchelewa?"

"Kuchelewa kuko katikati. Ni kama maji. Yakizidi kijiko, unakanda unaendelea. Yakizidi ndoo, huna mkate tena. Mahakama itaangalia kuchelewa kwake kulikuharibia nini. Mkataba wenu haukusema kwamba tarehe ile ndiyo roho ya makubaliano. Muhula ulikuwa haujafunguliwa. Ungempa notisi yenye muda wa kutosha, akashindwa, hapo ungekuwa na la kusema. Ungeweza kumdai hasara ya kuchelewa. Kumfukuza hukuwa na haki bado, na anayevunja bila haki, yeye ndiye mvunjaji."

Alichezea ufunguo wa lile kufuli. "Kwa hiyo nimejifungia mwenyewe," alisema.

Akiba yake yote ilikuwa imeingia kwenye matofali. Fidia ile ingetoka mahali pamoja tu, kwenye duka. Sikutaka kuliona duka lile likienda. Nilijifunzia kusoma pale, juu ya gunia la unga. Kwa hiyo nikaanza kutafuta. Sheria ina mlango mmoja ambao watu huusahau: aliyefukuza kwa sababu dhaifu anaweza kuokolewa na sababu nzuri, ikiwa ilikuwapo siku ile, hata kama yeye mwenyewe hakuijua.

Nilikwenda uwanja wa nyuma, nikaondoa turubai, nikaingiza kichwa ndani ya kuba. Udongo kati ya matofali ulikuwa umesawazishwa kwa vidole na umekauka hivyo hivyo. Nikaweka vidole vyangu kwenye zile alama. Viliingia sawasawa. Fundi ana mikono kama sinia. Mstari baada ya mstari, kuanzia chini hadi pale lilipoishia, alama zote zilikuwa za mkono mdogo.

Nilitoka na udongo kwenye nywele na moyo unaruka. Mtu mwingine amelijenga kuba. Sharti la msingi, lililotamkwa na Fundi mwenyewe, limevunjwa kabla ya kufuli. Shangazi amepona. Sikumwambia, nilitaka kwanza nimwone Fundi uso kwa uso.

Kesi ilipofunguliwa, tulikutana kwenye chumba cha usuluhishi pale mahakamani, chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Upande ule Fundi, mkewe na wakili wao. Upande huu sisi. Msuluhishi, mama mmoja mpole, aliagiza chai. Fundi alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Chai ikaja, sote tukanywa, yeye hakugusa. Mkewe aliongea na wakili huku, bila hata kutazama, akikiinua kikombe cha mumewe hadi mdomoni mwake. Mkono mmoja wa Fundi uliponyoka kutoka chini ya meza kutaka kusaidia. Ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kijiko kilianza kugonga sahani. Aliurudisha haraka. Mkewe akakiweka kijiko mbali, akaendelea kuongea. Kucha zake zilikuwa na udongo mkavu pembeni.

Nilimwinamia shangazi nikamnong'oneza kila kitu: alama, vidole, kifungu. "Ni sharti la msingi. Tunashinda leo."

Akaomba tutoke kidogo. Kwenye korido aliegemea ukuta kama mtu aliyebeba gunia.

"Hutalisema hilo," aliniambia.

"Shangazi, duka linaondoka."

"Ukilisema itakuwaje?"

"Nitaliweka kwenye majibu yetu. Tutamhoji. Atakubali au tutaleta picha za zile alama."

"Kwa hiyo ataulizwa mbele za watu kama mikono yake inafanya kazi."

Nililibana faili kwapani.

"Yule mwanamke alijifunza kujenga kuba," alisema. "Mumewe amekaa kwenye ndoo anamwelekeza, yeye anapanga matofali, chini ya turubai ili mimi nisione. Unajua mume wangu aliumwa muda gani? Unajua nani alikuwa anakanda? Wateja walisema, mkate wa mzee leo mtamu. Nikasema, nitamfikishia. Nikaenda chumbani nikamwambia, wamesifu mkate wako. Alikuwa anacheka mpaka machozi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hiyo ndiyo ungeiita sharti la msingi?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba huruma haina risiti, kwamba Fundi alitaka mwenyewe kifungu kile, kwamba mimi ni wakili wake na kazi yangu ni kumtetea.

"Basi nitetee hivi ninavyotaka kutetewa," alisema, akarudi ndani.

Akamgeukia Fundi. "Shemeji, nilikosea. Rudi umalize tanuri. Tuandike mkataba mwingine, bila maneno mengi."

Fundi alitazama meza. Nadhani hata yeye alitamani. "Siwezi tena, shemeji," alisema, na wakili wake akadhani anaongea kwa kiburi. Mkewe aliinamisha kichwa.

Tukapatana pale pale: shangazi atalipa fidia. Shule ilimpa mwokaji mwingine ile kazi, na duka likauzwa kabla ya muhula kwisha. Aliyelinunua alitaka ghala, hakutaka tanuri. Shangazi alihamia chumba cha nyuma kwangu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akinunua mkate. Aliumega, akaunusa, akauweka chini. Nilimlilia shangazi yangu akiwa hai, ameketi mbele yangu.

Siku ya kukabidhi funguo tulimkuta mke wa Fundi amesimama nje ya geti la nyuma. Fundi alikuwa hatoki kitandani tena. Ndani, vibarua wa mnunuzi, walioingia kupitia dukani, walikuwa wanabomoa. Alisema anapita tu, lakini macho yake yalikuwa kwenye rundo la matofali.

Shangazi alifungua lile kufuli, akaingia, akainama kwenye rundo. Alirudi na tofali moja lililobeba ukingo wa udongo, na kwenye udongo vidole vitatu vidogo vilivyokauka. Akampa yule mwanamke.

"Ulijenga vizuri, mdogo wangu," alimwambia. "Lingeoka vizuri sana."

Yule mwanamke alilishika tofali kwa mikono miwili. "Ulijua, dada?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile chai."

Alilia hapo hapo mbele ya vibarua, tofali amelikumbatia kifuani. Shangazi alimshika bega, akasubiri mpaka anyamaze. Kisha akanipa funguo zote nizikabidhi, kufuli akabaki nalo mkononi, akamuuliza yule mwanamke Fundi amekula nini leo.